Vifurushi vitatu, mipaka mitatu: ugawe kwa kiasi, kwa vipengele au kwa huduma?

Ukiuza huduma ya kulipiwa kila mwezi kwa vifurushi vitatu, cha chini, cha kati na cha juu, bei siyo sehemu ngumu. Bei utaigusa mara mbili tatu kabla haijatulia. Kinachosumbua ni mpaka: kitu gani kinamfanya mteja wa kifurushi cha chini asipate kila anachokitaka kwa hela ile ndogo?

Mipaka inayotumika sana ni mitatu. Upo mpaka wa kiasi, ambapo huduma ni ileile ila idadi inabadilika: watumiaji, matawi, skrini, kasi ya intaneti. Upo mpaka wa vipengele, ambapo kifurushi cha juu kinafanya mambo ambayo cha chini hakiyafanyi. Na upo mpaka wa huduma, ambapo programu ni ileile kwa wote, lakini anayelipa zaidi anapokelewa simu haraka, anafundishiwa wafanyakazi na kutembelewa dukani.

Kila mpaka unaacha alama yake kwenye mgawanyo wa vifurushi, yaani ile hesabu ya wateja wangapi wako kifurushi gani. Ukijua kuisoma alama hiyo, utajua kama mpaka wako unafanya kazi au upo kwa jina tu.

Kote humu tutatumia mfano mmoja: programu ya kuendeshea maduka inayouzwa Tanzania, mauzo na stoo kwenye simu au kompyuta, wateja wakilipa kwa simu mwezi kwa mwezi. Chini ni shilingi 20,000, Kati 45,000, Juu 90,000. Namba ni za kutungwa ili hesabu ifuatike.

## Vigezo vya kulinganishia

Kila mpaka tutauuliza maswali matano yaleyale. Je, mwenye duka anauelewa bila kupigiwa simu? Je, unawatenganisha kweli wale ambao programu inawaingizia pesa nyingi na wale inaowasaidia kidogo? Unaonekanaje kwenye namba? Unavuja wapi, maana kila mpaka una mahali pa kuurukia? Na unamfaa muuzaji wa aina gani?

Kabla ya hapo lakini, namba zenyewe zisomwe vizuri. Wengi hubadilisha vifurushi kwa kuangalia jedwali lisilosema wanachodhani linasema.

## Soma mgawanyo kwanza

Tuseme leo kuna wateja 400 walio hai.

| Kifurushi | Wateja | Asilimia ya wateja | Mapato ya mwezi | Asilimia ya mapato |
|---|---|---|---|---|
| Chini | 272 | 68 | 5,440,000 | 45.6 |
| Kati | 112 | 28 | 5,040,000 | 42.3 |
| Juu | 16 | 4 | 1,440,000 | 12.1 |

Mtu akiona 68 upande wa wateja atasema Kati imekataliwa. Akiangalia mapato ataona Kati inakaribia kulingana na Chini, na wateja 16 tu wa Juu wanaleta zaidi ya shilingi kumi katika kila mia. Safu hizo mbili zisitenganishwe.

Lakini kosa kubwa zaidi liko ndani ya ile 272. Tuseme vifurushi vitatu vilianza Machi 2025, na kabla ya hapo kulikuwa na kifurushi kimoja cha 20,000 chenye kila kitu. Wateja 150 wa zamani waliachiwa bei yao na vipengele vyao vyote, wakaandikwa Chini kwenye mfumo kwa sababu bei inafanana. Hao hawakuichagua Chini. Hawakuwahi hata kuonyeshwa chaguo. Waondoe, ubaki na waliojiunga vifurushi vikiwa vimeshaanza:

```sql
SELECT kifurushi,
       COUNT(*) AS wateja,
       ROUND(100.0 * COUNT(*) / SUM(COUNT(*)) OVER (), 1) AS asilimia,
       SUM(alicholipa) AS mapato
FROM usajili
WHERE hali = 'hai'
  AND tarehe_kujiunga >= '2025-03-01'
GROUP BY kifurushi;
```

Sasa wanabaki 250: Chini 122, Kati 112, Juu 16. Asilimia 68 imeshuka hadi 48.8, na Kati imepanda hadi 44.8. Hakuna kilichobadilika sokoni. Tumeacha tu kuwahesabu watu ambao swali halikuwafikia. Safu ya `alicholipa` iwe pesa iliyoingia kweli kwa mwezi huo, si bei ya kwenye bango, la sivyo punguzo alilotoa kijana wa mauzo litaifanya Juu ing'ae bure. Aliyelipa mwaka mzima, malipo yake yagawe kwa 12.

Jambo la pili ni kutofautisha waliopo na wanaoingia. Tuseme kila mwezi wanaingia wapya 30: 15 Chini, 12 Kati, 3 Juu. Chini inapoteza asilimia 8 ya wateja wake kila mwezi, Kati asilimia 3. Mambo yakiendelea hivyo muda mrefu, Chini itatulia karibu na wateja 187 (15 gawanya kwa 0.08) na Kati karibu na 400 (12 gawanya kwa 0.03). Yaani Kati itaishia kuwa kubwa mara mbili ya Chini, ingawa kila mwezi wanaoichagua ni wachache kuliko wanaochagua Chini. Kwa hiyo idadi ya waliopo inajibu maswali mawili kwa mpigo, nani anachagua nini na nani anakaa, na ukitaka kujua uchaguzi peke yake, angalia wanaoingia.

La tatu linatokana na jinsi tunavyolipa. Kadi inayokatwa yenyewe kila mwezi si kawaida kwa mwenye duka; analipa kwa simu akikumbuka au akibanwa. Kifurushi kinaisha tarehe 28, analipa tarehe 4, na katikati hapo mfumo unamwona ameondoka. Ukihesabu tarehe 1 utapata picha moja, ukihesabu tarehe 15 utapata nyingine. Chagua siku moja ya mwezi uishikilie, mhesabu aliyechelewa chini ya siku kumi kuwa bado hai, na aliyerudi ndani ya siku 30 usimwandike kuwa mteja mpya. Anayerudi mara nyingi huanza na Chini "kwanza", hivyo ukimwita mpya unaijaza Chini kwa watu ambao ulikuwa nao tangu zamani. Januari ina tabia yake pia: ada za shule zinakula mtaji, watu wanashuka kifurushi. Linganisha Januari na Januari.

## Mpaka wa kiasi

Kueleweka. Hapa hauna mpinzani. "Tawi moja, matawi matatu, matawi yoyote" haihitaji maelezo. Safaricom inauza intaneti ya nyumbani ya faiba kwa kasi, na mnunuzi anajua namba kubwa ni nini hata kama hajui Mbps ni kitu gani. Netflix nayo kwa miaka mingi ilitenganisha vifurushi vyake kwa idadi ya skrini zinazotazamwa kwa wakati mmoja, moja, mbili au nne, pamoja na ubora wa picha.

Kutenganisha. Inategemea umehesabu nini. Kipimo kizuri kinakua pale biashara ya mteja inapokua, na kukikwepa kunamgharimu. Kwa programu ya duka, "idadi ya watumiaji" inaonekana kipimo cha asili, ila ina tatizo tutakaloliona kwenye uvujaji. "Idadi ya bidhaa" inamwadhibu mwenye duka la spea mwenye vitu 3,000 vinavyotoka polepole, na kumwachia mwenye duka la vinywaji anayeuza aina 40 kwa mamilioni. "Matawi" inaonekana ndiyo yenyewe. Lakini ipige hesabu kabla ya kuibadilisha.

Chukua wale 250, uhesabu kila mmoja ana matawi mangapi. Tuseme 190 wana duka moja, 48 wana mawili au matatu, 12 wana manne au zaidi. Mpaka ukiwa matawi peke yake, Chini inapata 190, Kati 48, Juu 12. Mapato: 3,800,000 kujumlisha 2,160,000 kujumlisha 1,080,000, jumla 7,040,000. Leo hao 250 wanaleta 8,920,000. Mpaka ambao kwa macho ni wa haki zaidi ungeondoa karibu shilingi milioni 1.9 kila mwezi, kwa sababu wengi walio Kati leo wana duka moja tu, ila kubwa, lenye makeshia wanne na stoo ya nyuma. Matawi yanatenganisha vizuri wa Juu na wengine. Kati na Chini hayawatenganishi.

Jaribio hilo linachukua nusu saa kwenye Eksel. Lifanye kwa kila kipimo unachokifikiria.

Kwenye namba. Tafuta rundo. Chora wateja wa Chini kwa kiasi wanachotumia: kama ukomo ni watumiaji wawili, wangapi wanatumia mmoja, wangapi wawili? Wakirundikana kwenye ukomo wenyewe, mpaka unawagusa. Kisha tazama rundo hilo baada ya miezi mitatu. Likiwa linapungua na Kati inaongezeka, mpaka unapandisha watu. Likiwa limeganda, watu wamefika ukutani wakatafuta mlango wa pembeni. Na kama karibu wote wako mbali na ukomo, namba uliyoiweka ni kubwa mno na haimzuii mtu.

Kuvuja. Ukomo wa watumiaji unavuja kwa nywila. Kati ya wale 122 wa Chini, tuseme 52 wanatumia nafasi zote mbili, na ndani yao 30 wana jina moja la mtumiaji linaloingia kwa simu tatu au zaidi kwa siku. Hao ni makeshia wanaotumia akaunti moja iitwayo "kaunta". Muuzaji anapoteza 25,000 kwa kila duka, na mwenye duka anapoteza zaidi: jioni pesa ikipungua, ripoti inasema "kaunta" aliuza, na kaunta ni watu wanne. Ukomo huo umeharibu kipengele kilichomfanya anunue programu. Kwa biashara ambayo thamani yake ni kujua nani kafanya nini, watumiaji wawe bure, utafute kipimo kingine.

Matawi nayo yanavuja, ila kwa shida. Utamjua mwenye maduka mawili kwenye akaunti moja kwa orodha yake ya bidhaa: "K-Sukari 1kg", "M-Sukari 1kg", K ni Kariakoo na M ni Mbezi. Inafanya kazi hadi siku anapotaka kuhamisha mzigo kutoka duka moja kwenda jingine au kuona faida ya kila duka. Wengi wao hupanda wenyewe. Kuwafukuzia hakuna haja.

Unamfaa nani. Muuzaji ambaye wateja wake wanafanana kwa aina na kutofautiana kwa ukubwa tu, na mwenye gharama zinazopanda kweli na matumizi, kama mwenye intaneti, hifadhi ya data au ujumbe wa SMS.

## Mpaka wa vipengele

Kueleweka. Unaeleweka ukiwa mfupi. Vipengele viwili au vitatu kwa kila ngazi mtu atavikumbuka, jedwali lenye mistari 35 ya alama za vema analifunga na kuuliza, "Cha bei rahisi ni kipi?" DStv inauza vifurushi vyake kwa orodha ndefu za chaneli, lakini mtaani watu wanauliza kitu kimoja: mpira upo kwenye kipi? Chako nacho kiwe na kitu kimoja cha kuuliziwa hivyo.

Kutenganisha. Ndio uwezo wake mkubwa, kwa kuwa unawagawa wateja kwa aina ya kazi zao. Kwa mfano wetu, anayeuza kwa mkopo anahitaji daftari la wadeni. Asiyekopesha hahitaji hata kwa bure. Anayeagiza mzigo kwa makontena anahitaji hesabu ya gharama hadi stoo. Mahali pa kukiweka kipengele panaamuliwa na matumizi: kinachoguswa na karibu kila mteja kila siku kikae Chini, kinachotumiwa sana na sehemu moja ya wateja, na sehemu hiyo ina uwezo, kiende Kati, kinachohitajiwa na wachache lakini bila hicho hawanunui, kiende Juu au kiuzwe peke yake kama nyongeza.

Kitu cha lazima kisheria usikifanye mpaka. Ukiweka risiti za EFD kwenye Kati, kila mfanyabiashara anayewajibika kuzitoa anasukumwa 45,000 hata kama duka lake ni la mita tatu. Kenya ni hivyohivyo kwa eTIMS, mfumo wake wa ankara za kodi. Kwenye mgawanyo utaona Kati imevimba ghafla na utafurahi, huku safu ya wanaojisajili na kuacha kabla ya malipo ya kwanza ikiongezeka kimyakimya. Hao wanaoacha hawaonekani kwenye mgawanyo, kwa sababu mgawanyo unahesabu waliobaki tu.

Kwenye namba. Hapa mgawanyo unadanganya kuliko kwingine, na sababu yake ilipimwa zamani. Mwaka 1992 watafiti Itamar Simonson na Amos Tversky walichapisha jaribio la kamera za Minolta. Walioonyeshwa mbili, ya karibu dola 170 na ya karibu dola 240, waligawanyika nusu kwa nusu. Kundi jingine lilipoongezewa ya tatu ya karibu dola 470, ya dola 170 ilibaki na asilimia 22, ya 240 ikapanda hadi 57, na ile ya tatu ikachukua 21. Kamera ya kati haikuongezwa hata skrubu. Ilipata wateja kwa kuwa katikati.

Kwa hiyo Kati yenye asilimia 45 inaweza kuwa ya watu wanaohitaji vipengele vyake, au ya watu waliokwepa kilicho rahisi mno na kilicho ghali mno. Namba ya kuwatenganisha unayo tayari: kati ya walionunua Kati mwezi uliopita, wangapi wametumia angalau kipengele kimoja cha mpaka ndani ya siku 30? Tuseme kati ya 12, saba wamefungua daftari la wadeni au ripoti ya faida, watano hawajagusa chochote zaidi ya vya Chini. Hao watano walinunua nafasi ya katikati. Wengi wa namna yao hushuka malipo ya pili au ya tatu, hivyo wahesabu kando kabla hujajipongeza.

Kama tatizo ni kinyume chake, watu hawapandi, tazama vipengele vilivyofungwa. Viache vionekane kwenye menyu ya Chini vikiwa na kufuli, na urekodi kila kubonyezwa. Wakibonyeza sana bila kulipa, kitu wanakitaka ila kuruka kutoka 20,000 hadi 45,000 kumewashinda: jaribu kushusha Kati, au utoe kipengele hicho kama nyongeza ya 8,000. Wasipobonyeza kabisa, bei haina kosa. Mpaka wenyewe hauvutii, na hata ukishusha bei ya Kati hadi 30,000 utapata walewale kwa pesa pungufu. Hizo ni tiba mbili tofauti kabisa kwa asilimia ileile.

Kuvuja. Kwa malipo ya mwezi kwa mwezi, vipengele vinaazimwa. Mwenye duka anapanda Kati mwezi mmoja wa kufunga hesabu, anatoa ripoti za mwaka mzima, anarudi Chini. Dalili yake ni wateja wengi wa Kati waliokaa mwezi mmoja kamili, wamerundikana kwenye miezi ileile. Dawa si kuwafungia. Weka mpaka kwenye umri wa taarifa. Slack, programu ya kutumiana ujumbe kazini, ilifanya hivyo Septemba 2022, ilipoacha ukomo wa ujumbe 10,000 kwa wateja wa bure na kuwaonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Kwa programu ya duka, Chini inaweza kuonyesha mauzo ya miezi mitatu. Kumbukumbu za kikodi lakini mwachie mteja azipakue wakati wowote, maana ni zake.

Unamfaa nani. Muuzaji mwenye wateja wa aina tofauti, na aliyekwisha kurekodi matumizi ya vipengele kwa miezi michache. Bila rekodi hiyo unagawa kwa kubahatisha.

## Mpaka wa huduma

Kueleweka. Unaeleweka kwa maneno, unaaminiwa kwa vitendo. "Msaada wa kipaumbele" halisemi kitu. "Ukipiga kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku tunapokea, na kwa mwezi mara moja mtu anakuja dukani" linasema.

Kutenganisha. Vizuri kwa wenye pesa na wasio na muda, vibaya kwa wengine wote. Mteja mdogo ndiye anayehitaji msaada zaidi, na hana cha kuulipia.

Kwenye namba. Juu itakuwa ndogo, na hiyo si kasoro. Iangalie kwa gharama. Wateja 16 wakitembelewa mara moja kwa mwezi, nusu siku kila mmoja, ni siku nane za kazi. Mfanyakazi anayegharimu 900,000 kwa siku 22 anakula kama 327,000 hapo, nauli ya 10,000 kwa safari ni 160,000, jumla karibu 487,000 kati ya mapato ya 1,440,000. Theluthi moja. Wakifika 50 utahitaji siku 25, yaani zaidi ya mfanyakazi mmoja wa kazi hiyo peke yake. Kwa programu kama hii, mipaka mingine miwili haina gharama inayopanda hivi.

Kuvuja. Kwenye WhatsApp. Kijana wa msaada ana roho nzuri, anamjibu kila mtu ndani ya dakika tano. Hesabu ujumbe wa wiki mbili na muda wa kujibiwa kwa kila kifurushi. Chini ikijibiwa haraka sawa na Juu, hakuna mpaka, kuna tangazo tu.

Unamfaa nani. Muuzaji ambaye kuanza kwa mteja ndiyo kazi ngumu: kuingiza bidhaa 2,000, kufunga printa ya risiti, kufundisha makeshia wanaobadilika kila mara. Hapo huduma ya kuanzia inaweza hata kuuzwa mara moja, nje ya vifurushi.

## Uchague upi

Kama ndiyo kwanza una wateja chini ya mia, anza na kiasi, kipimo kimoja, na uache vipengele vyote wazi. Huna data ya kugawa vipengele, na asilimia za watu 60 zinayumba wakiingia wateja wawili. Rekodi nani anatumia nini. Ndiyo mali utakayoihitaji mwaka ujao.

Kama una rundo lililoganda kwenye ukomo na dalili za akaunti za pamoja, hamisha mpaka kutoka kwa watumiaji. Usiuhamishe kabla ya kupiga hesabu ya mapato kama ile ya matawi. Kwa programu yetu ya mfano, jibu linaloonekana ni mchanganyiko: vipengele kutenga Chini na Kati, matawi kutenga Kati na Juu. Mipaka miwili inatosha. Ya tatu ikiongezwa, wauzaji wenyewe hawataweza kuieleza.

Kama Kati imejaa lakini vipengele vyake havitumiki, usiguse bei. Jaribu kwa wateja wapya wa mwezi mmoja kubadilisha kipengele kinachoongoza kwenye tangazo la Kati, kisha fuatilia ile hesabu ya siku 30.

Kama wanaoingia wanachagua Kati kwa wingi ila waliopo wamejaa Chini, tafuta kwanza wa zamani walioachiwa bei. Wasipoeleza tofauti yote, hesabu wanaoshuka kando na wanaopanda. Sita wakipanda na 14 wakishuka, ripoti itaonyesha Kati imepungua wanane, na utamtafuta mchawi kwa wanaojiunga wakati kosa liko kwa wanaokaa.

Kama wateja wako ni wakubwa wachache, shule, zahanati, wauzaji wa jumla, huduma ibebe Juu, na bei yake ipangwe kutoka kwenye siku za kazi inazokula. Ukiona Juu ina asilimia 4 tu lakini wale walioko Kati wanalinganisha na Juu kabla ya kulipa, iache ilipo hata isipouza: ukiiondoa, Kati inakuwa ndiyo ghali kuliko zote, na sehemu ya wanaoichagua leo watahamia Chini. Iondoe kwa wanaojiunga wapya wa wiki nne tu, ulinganishe na wiki nne zilizotangulia, uone wangapi.